Jinsi ya kumjibu muuzaji au mtu wa dini mlangoni, umkatae na heshima yake ibaki

Mimi nimetembeza mashuka na mapazia kwa mkopo mitaa ya Ng'ambo hapa Unguja, Kikwajuni, Mwembetanga na kwengineko, kwahiyo naandika kama mtu anaejua yule mbisha hodi anasikiliza nini. Watu wengi wanadhani wamekataa kumbe kwa muuzaji bado wamo kwenye biashara.

Hatua ya 1: itikia hodi, ila usikimbilie kusema "karibu ndani".
Kukaa kimya hakusaidii mana TV inasikika na viatu viko mlangoni, mtu ataendelea kubisha tu. Uliza kutoka ndani "nani mwenzangu?" umuache ataje jina na shida yake. Na usione haya kumrudisha mtu, kwenye Suratun Nur aya ya 27 na 28 tumefundishwa mgeni aombe ruhusa na atoe salamu kabla ya kuingia, na akiambiwa rudi basi arudi, haki hiyo ni ya mwenye nyumba.

Hatua ya 2: toka mlangoni umsalimie kikamilifu.
Mtu mzima mpe shikamoo yake, umuulize hali, na kama jua kali mpe maji ya kunywa, maji hayakufungi kununua. Lakini mazungumzo yaishie barazani. Akishaingia ukumbini furushi linafunguliwa, shuka linatandazwa juu ya kochi lako, unalishika, na hapo kukataa kunakuwa kuzito kweli.

Hatua ya 3: kataa mapema, kabla furushi halijafunguliwa, na usitoe sababu.
Hapa ndio penye kazi. Chukua mfano huu, kijana kaja na mashuka ya sita kwa sita, elfu 30 pea:

"Dada, leo nimekuja na mzigo mpya, tizama tu, kutizama bure."
"Ahsante kaka, sinunui mashuka. Mungu akufungulie riziki huko mbele."

Basi, imetosha. Sasa tizama majibu tuliyoyazoea. Ukisema "sina pesa leo" nitakwambia chukua, utanipa elfu 10 kila mwisho wa mwezi, mana biashara yenyewe ndio ya mkopo, umenifungulia mwenyewe. Ukisema "siku nyengine inshaallah" nakuandika kwenye daftari na wiki ijayo niko hapo hapo, na nna haki ya kukukumbusha. Ukiuliza "bei gani?" ushaanza kupatana. Na "mume wangu hayupo" ndio mbaya kuliko yote, kwanza umemwambia mtu usiemjua kwamba uko peke yako, pili atarudi jioni kumuona huyo mume. Sababu yoyote utakayoitoa muuzaji mzoefu ana jibu lake, lakini "sinunui" pamoja na dua hana la kuongeza, ataitikia amin na ataondoka hana kinyongo, wallahi dua ile inapokelewa.

Aking'ang'ania, rudia maneno yale yale kwa sauti ile ile, usibadilishe. Mara ya tatu sema "haya kaka, kwaheri" urudi ndani taratibu, usibamize mlango.

Hatua ya 4: waliokuja kwa ajili ya dini.
Jamaa wa tabligh mara nyingi wanataka kuzungumza na wanaume, na wanachoomba ni mtu aende msikitini akasikilize mawaidha. Kama huendi usitoe ahadi ya kuwaridhisha tu, sema "Mungu akulipeni kheri masheikh, leo sitoweza kuja, niombeeni dua." Watakuombea hapo hapo, itikia amin, kwisha.

Wakija wa dini nyengine na vijitabu vyao, usianze kubishana aya, mana swali moja linazaa jengine na mtasimama hapo mpaka adhana. Mwambie "nashukuru kwa kunitembelea, mimi nimeridhika na dini yangu na sihitaji mazungumzo." Kijitabu kama hutokisoma usikipokee, ukikipokea kwa adabu tu mwenzio anaweza kuona umevutiwa, na siku nyengine atapita kukuuliza umeonaje. Ukitaka wasirudi tena waambie wazi, "naomba msinipitie tena", kwa upole, wengi wanaheshimu.

Wa michango ya msikiti au madrasa nao ukiwa huna la kutoa, "Mungu awawepesishie" inatosha, na kama una wasiwasi uliza msikiti uko wapi na imamu nani, mwenye kazi ya kweli hakasiriki kuulizwa.

Na watoto wafundisheni mapema, akija mtu waitikie salamu na waseme "subiri nimwite mkubwa", mlango usifunguliwe, wala wasitumwe kusema mama hayupo wakati sauti yako inasikika jikoni.