Kusahihisha mwanzo wa mbio fupi kwa video ya simu ya kawaida

Kosa unaloliona kwenye hatua ya pili ya mkimbiaji wa mita 100 mara nyingi limeshatokea kabla hajainua mikono kutoka chini. Ndiyo maana kumpigia kelele "inama, inama!" akiwa ameshatoka hakumsaidii. Anajaribu kuinama kwa shingo, na miguu inaendelea kufanya kilekile. Video ya polepole inakurudisha kwenye chanzo, mradi ipigwe vizuri na isomwe kwa mpangilio.

Kwanza, ijue simu yako. Simu nyingi za bei nafuu zina sehemu iliyoandikwa `Slow motion`, lakini baadhi hurudufu picha zilezile ili zionekane nyingi. Jaribu hivi: angusha mpira kutoka urefu wa mita 1 huku ukirekodi. Huchukua kama sekunde 0.45 kufika chini. Fungua video, isogeze picha moja moja na uhesabu. Simu ya `120 fps`, yaani picha 120 kwa sekunde, itakupa picha zipatazo 54, ya `60 fps` kama 27, ya `30 fps` 13 au 14. Ukipata 54 lakini mpira unakaa palepale kwenye picha nne mfululizo, hiyo ni simu ya picha 30.

Kusogeza picha moja moja kwa kidole ni kazi. Kama kuna kompyuta shuleni, hamishia video humo, ifungue kwa VLC, simamisha, kisha bonyeza `E`. Kila ukibonyeza inasogea picha moja.

Pili, weka simu mahali pake. Iweke ubavuni mwa njia ya mkimbiaji, mita 7 hivi kutoka kwake, ikiwa imelala kwa upana. Isimame mkabala na sehemu iliyo mita 1 mbele ya mstari wa kuanzia, ili mkao wake na hatua mbili za kwanza viingie. Kimo kiwe cha nyonga zake akiwa kwenye "tayari", yaani kama sentimita 70 kutoka chini. Kiti cha darasani na matofali mawili vinatosha. Usiishike mkononi wala usimfuate kwa kamera. Ukisimama mshazari, pembe ya goti kwenye picha si pembe ya goti lenyewe, na utamsahihisha kosa ambalo hana.

Jua liwe mgongoni mwako. Mwanga ukipungua, simu huchukua kila picha kwa muda mrefu zaidi na mguu unageuka ukungu. Jioni baada ya saa kumi na mbili usitegemee kupata kitu. Weka pia koni mbili zilizoachana mita 1 ndani ya njia yake yenyewe. Ukiziweka karibu na kamera zitaonekana kubwa kuliko zilivyo, na vipimo vyako vyote vitadanganya.

Tatu, simamisha picha tatu tu. Ya kwanza ni ya "tayari", ile ya mwisho kabla mwili haujatikisika. Ya pili ni pale mguu wa mbele unapoachia bloku. Ya tatu ni pale mguu unapogusa ardhi mara ya kwanza.

Kwenye ya kwanza, angalia goti la mbele, ambalo linatakiwa kuwa karibu na nyuzi 90, na la nyuma kati ya 120 na 135. Nyonga ziwe juu kidogo ya mabega. Kwenye ya pili, goti la mbele liwe limekaribia kunyooka. Kwenye ya tatu, shusha mstari wima kutoka kwenye nyonga: mguu utue chini yake au nyuma kidogo, na muundi uwe umeinama kuelekea mbele. Piga skrinishoti ya kila moja, kisha weka kipimapembe cha shule juu ya kioo. Kukosea nyuzi 5 si tatizo.

Mfano. Kijana wa kidato cha pili anasimama wima kwenye hatua ya pili. Anza na picha ya tatu: mguu umetua kama sentimita 15 mbele ya nyonga, kwa hiyo unamfunga breki na kumwinua kiwiliwili. Rudi kwenye ya pili: goti la mbele bado limekunjwa sana alipoachia bloku. Rudi kwenye ya kwanza: goti la mbele ni nyuzi 72, la nyuma 95, nyonga ziko chini ya mabega. Sasa tazama nyonga tangu anapoanza kutikisika: zinapanda juu kabla ya kwenda mbele, kwa sababu mguu uliojikunja kiasi hicho lazima ujifungue kwanza.

Ukipima bloku unakuta ya mbele iko sentimita 40 kutoka mstarini na ya nyuma 60. Kiatu chake ni sentimita 27. Pa kuanzia ni urefu wa viatu viwili kwa bloku ya mbele na vitatu kwa ya nyuma, yaani 54 na 81. Sogeza bloku, usimwambie neno lolote kuhusu kuinama, mpumzishe dakika 4 na urekodi tena. Goti likifika karibu na 90 na mguu ukatua chini ya nyonga, umepata chanzo. Goti likifunguka lakini mguu bado unatua mbele, chanzo ni kingine: mara nyingi hasukumi mpaka mwisho, anakimbilia kuweka mguu chini.

Nne, namna ya kumwambia. Muulize kwanza amehisi nini, ndipo umwonyeshe picha. Mpe jambo moja tu, na lihusu kile anachokisukuma: "zisukume bloku nyuma kwa miguu yote miwili" linafanya kazi kuliko "nyoosha goti". Mwonyeshe baada ya kuanza mara tatu, si kila mara. Akizoea kukimbilia simu ataacha kuusikiliza mwili wake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, simu yangu ni ya picha 30 tu. Niache?*
Usiache. Picha ya "tayari" haihitaji kasi yoyote, na ndiyo yenye faida kubwa. Tatizo ni picha ya tatu: mtoto akitoka kwa mita 3 kwa sekunde, husogea sentimita 10 kati ya picha moja na nyingine, hivyo huenda ukakosa mguso wenyewe. Rekodi mara tatu au nne na uchukue ile iliyoukaribia.

*Kocha, naweza kupima anavyowahi mlio?*
Kwa simu hii, hapana. Sauti huchukua karibu sekunde 0.03 kusafiri mita 10, na kwenye mwendo wa polepole simu nyingi hazirekodi sauti inayoendana na picha. Unachoweza kupima ni muda wa kusukuma, tangu mwili unapotikisika hadi mguu wa mbele unapoachia. Kwa picha 120, sekunde 0.35 ni picha 42. Hesabu picha, si muda wa kwenye kioo, kwa sababu video ya polepole imeshautanua.

*Sisi hatuna bloku, tunachimba vishimo.*
Vipimo vya viatu ni vilevile. Hakikisha ukuta wa nyuma wa kishimo haumeguki. Ukimeguka, mguu unateleza na kwenye video utadhani hasukumi. Usimweke mwenzake akanyage nyuma kama kizuizi, maana miguu yake husogea na huficha kisigino unachotaka kukiona. Kipande cha ubao kilichopigiwa misumari mirefu ardhini ni bora.

*Vijana wangu wanataka kutoka chini kama Omanyala.*
Aliyekimbia sekunde 9.77 Kasarani mwaka 2021 ana nguvu za miguu za kuubeba mwili ulioinama kiasi kile. Mwenye miaka 15 akiiga, picha ya tatu itakuonyesha: mguu umerushwa mbele ya nyonga ili asianguke. Ukiona hivyo, mwache atoke juu kidogo, na uongeze mazoezi ya kuruka na kupanda kilima.