Kutuliza mkanda unaotikisika: mkunjo wa S kwa kutumia wastani unaotembea

Nina mashine ya kujaza pilipili kwenye chupa, kichwa cha kujazia kinakaa juu ya kigari kinachotembea kwenye reli ya mita 1.5, kinavutwa na mkanda wa GT2 wa milimita 6 na stepa ya NEMA 23. Kigari na tangi likiwa limejaa ni kama kilo 5. Shida ilikuwa hivi, kigari kinafika kwenye chupa vizuri tu halafu kinaanza kucheza mbele nyuma, pua inadondoshea pilipili pembeni ya mdomo wa chupa, na ukisikiliza unasikia "tak" kila kinapoondoka na kila kinaposimama. Nikaweka delei ya nusu sekunde kabla ya kujaza. Inafanya kazi ila ni kukubali kushindwa.

Chanzo ni umbo la trapeza ambalo karibu kila laibrari ya stepa inakupa. Kasi inapanda vizuri, lakini mchapuko wenyewe unaruka kutoka 0 mpaka 2000 mm/s² papo hapo, na mkanda ni springi. Springi ukiibebesha mzigo ghafla inavutika karibu mara mbili ya inavyovutika ukiibebesha taratibu. Kwangu kilo 5 kwa mchapuko huo ni nguvu ya niutoni 10, ila mkanda unaonja mpaka karibu 20, kisha unabaki unacheza. Mkunjo wa S unaufanya mchapuko upande kwa muda badala ya kuruka. Swali ambalo wengi wanalikwepa ni muda gani hasa, na hapo ndipo mwongozo huu ulipo, kwa sababu huo muda haubuniwi, unapimwa.

Hatua ya 1: kaza vitu kwanza

Angalia skrubu ya puli kwenye shafti ya mota, iwe imekaa kwenye ubapa wa shafti, na mkanda usilegee. Puli inayocheza kwenye shafti haiponi kwa kodi yoyote, utahangaika siku nzima bure.

Hatua ya 2: pima mtikisiko wa mashine yako

Jaza tangi, washa draiva ili mota ishike, sogeza kigari mpaka mwisho wa reli upande wa mbali na mota. Huko ndiko mkanda ni laini zaidi, kwa hiyo ndiko kunatikisika polepole kuliko kote. Funga simu juu ya kigari kwa selotepu, ikaze kweli (raba bendi hapana, nayo ni springi nyingine), fungua app ya phyphox, chagua "Acceleration (without g)", anza kurekodi halafu kipige kigari ngumi moja kuelekea upande wa mwendo. Utaona mawimbi yanayofifia. Mimi nilihesabu mawimbi 5 ndani ya sekunde 0.5, yaani 10 Hz, wimbi moja ni sekunde 0.1. Rudia mara tatu hivi. Uzito wa simu unashusha jibu kidogo, kwa kilo 5 ni kama asilimia 2, achana nao.

Hatua ya 3: muda wa mkunjo = wimbi moja zima

Mchapuko ukichukua sekunde 0.1 kupanda, na wimbi la mkanda ni sekunde 0.1 hiyohiyo, basi kila msukumo mdogo wa nusu ya kwanza unapata mwenzake wa nusu ya pili anayekuja kinyume cha mtikisiko wake na kuufuta. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea halafu unampa msukumo wa pili wakati anakurudia, anasimama. Kwa hiyo muda wangu ni 0.1, na mshtuko wenyewe, yaani mchapuko unabadilika haraka kiasi gani, unakuwa 2000 / 0.1 = 20000 mm/s³. Hiyo namba inatokea yenyewe, huhitaji kuikisia.

Gharama yake? Safari yangu ni milimita 600 kwa kasi ya 500 mm/s:

```
trapeza:     600/500 + 500/2000       = 1.45 s
mkunjo wa S: 600/500 + 500/2000 + 0.1 = 1.55 s
```

Unapoteza sekunde 0.1. Lakini trapeza ilikuwa inahitaji nusu sekunde nyingine ya kutulia, so kiukweli umepata faida. (Kituko ni kwamba trapeza yangu ilikuwa inapunguza kasi kwa sekunde 0.25, yaani mawimbi mawili na nusu, na hiyo nusu ndiyo mbaya kuliko zote, mtikisiko wa kuanza kufunga breki na wa kumaliza vinajumlishana.)

Hatua ya 4: kodi

Watu wanaandika zile fomula za vipande saba, safari ikiwa fupi wanaanza kubadilisha kesi moja moja mpaka kichwa kinauma. Usijisumbue. Acha trapeza yako ilivyo, kisha chukua pozisheni inayoitoa na uipitishe kwenye wastani unaotembea wenye urefu wa sekunde 0.1. Jibu ni mkunjo wa S, umbali haubadiliki, na kwa safari fupi au ndefu unafuta mtikisiko uleule.

```cpp
const int N = 100;      // 100 ms, luup ya 1 kHz
int32_t buf[N], jumla;
int k = 0;

void anza(int32_t p) {  // ita baada ya kuhomu
  for (int i = 0; i < N; i++) buf[i] = p;
  jumla = p * N;
}

int32_t lainisha(int32_t p) {  // p = hatua za stepa
  jumla += p - buf[k];
  buf[k] = p;
  k = (k + 1) % N;
  return jumla / N;
}
```

Tumia namba kamili kama hapo juu. Mara ya kwanza nilitumia `float` kwenye jumla, makosa madogo yakawa yanajikusanya, kufika mchana kigari kimehama taratibu nami nalaumu mkanda. Na usisahau `anza()`, ukihomu pozisheni ikawa 0 wakati bafa bado ina namba za zamani, kigari kitaruka.

Kosa jingine ambalo lilinipotezea jioni nzima: trapeza ikimaliza nilikuwa nasimamisha luup palepale. Wastani bado una sekunde 0.1 mkononi! Kigari kilikuwa kinasimama pungufu milimita 3 na kidogo, tena kwa kishindo. Endelea kuita `lainisha()` na pozisheni ya mwisho mara 100 zaidi. Ila swichi ya dharura isipite humu, hiyo ikate moja kwa moja.

Hatua ya 5: hakikisha

Rudisha simu juu ya kigari, endesha safari ileile. Kwangu mtikisiko baada ya kusimama ulikuwa kama milimita 0.7, sasa uko chini ya 0.1 na ile "tak" imepotea. Ukiona bado unacheza sana, muda wako ni mfupi, ongeza N kidogo kidogo. Kurefusha kunasameheka kuliko kufupisha, ndiyo maana nilipima tangi likiwa limejaa: tangi likiisha kigari ni kama kilo 3, kinatikisika karibu 13 Hz, na N ileile inabakisha kama moja ya tano tu ya mtikisiko.

Pilipili yenyewe kucheza ndani ya tangi ni wimbi lingine kabisa, la polepole zaidi, mkunjo huu hauligusi. Mimi niliweka kizuizi cha bati katikati ya tangi.