Zima upakuaji wa kujiendesha kabla kundi la harusi halijamaliza bando

Niko kwenye kundi la kamati ya harusi, na MB 500 zangu zilikuwa hazidumu hata siku mbili. Dawa iko hapa: fungua WhatsApp, nenda Settings > Storage and data > When using mobile data, ondoa alama zote, kisha bonyeza OK. Video ya dakika moja inaweza kufika MB 10, na simu huipakua hata usipoitazama. Maandishi hayafiki hata KB chache. Sasa kila video inakaa imefifia, ukubwa wake umeandikwa juu yake, nawe unagusa unayoitaka tu. Nyingine nazisubirisha hadi bando la usiku au waifai ya kazini.

Haisaidii kwa sauti zilizorekodiwa, hizo hushuka zenyewe (waombe wajumbe waandike michango yao), wala kwa video za Status ukizifungua. Tena usichelewe wiki nyingi: faili likishaondolewa kwenye seva, itabidi umwombe aliyelituma alitume upya.