Granuloma ya kifua kikuu: maswali ya wanafunzi wa udaktari, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Kwa nini makrofaji haimuui bakteria mara tu inapommeza?

Bakteria wa kifua kikuu akishafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, makrofaji humfungia ndani ya fagosomu. Kwa kawaida fagosomu huungana na laisosomu yenye asidi na vimeng'enya, lakini bakteria huyu huzuia muungano huo na kuzaliana ndani ya seli iliyopaswa kumwangamiza.

Hatua ya 2: Msaada hutoka wapi?

Seli za dendriti hupeleka antijeni kwenye tezi za limfu, ambako seli T za CD4 huamshwa. Hizo ndizo hutoa interferoni gama inayoipa makrofaji uwezo wa kuua. Kinga hii huchukua wiki 2 hadi 8 kujengeka, na ndiyo maana kipimo cha ngozi cha tuberkulini hutoa jibu hasi mtu anapokuwa ameambukizwa juzijuzi.

Hatua ya 3: Nitaitambuaje granuloma kwenye hadubini?

Granuloma ni kishada cha seli za kinga kinachomzingira bakteria; isome kutoka katikati kwenda nje. Katikati pana tishu iliyokufa, ya rangi ya waridi, isiyoonyesha tena mipaka ya seli, ambayo kwa macho hufanana na jibini. Kuizunguka kuna makrofaji zilizorefuka, yaani seli za epithelioidi, na baadhi yake zimeungana kuwa seli kubwa za Langhans ambazo viini vyake vimejipanga pembezoni. (Usizichanganye na seli za Langerhans, ambazo ni za ngozi.) Pete ya nje ni ya limfosaiti na fibroblasti. Hata hivyo, fangasi nao huweza kuleta picha kama hii, kwa hiyo usitoe jibu kabla ya kumtafuta bakteria mwenyewe.

Hatua ya 4: Kwa nini maambukizi hubaki fiche?

Ndani ya granuloma oksijeni hupungua, na bakteria hupunguza mno kasi ya kuzaliana. Isoniazidi hushambulia ujenzi wa ukuta wa seli, hivyo haimwathiri sana bakteria asiyejenga. Hiyo ni sababu mojawapo ya matibabu kuchukua miezi. Nayo granuloma haisimami yenyewe: huhitaji TNF na seli za CD4 kila siku. Mgonjwa wa baridi yabisi akianzishiwa infliksimabu, ambayo huzuia TNF, maambukizi yaliyotulia kwa miaka yanaweza kuamka, kwa hiyo hupimwa kwanza.

Hatua ya 5: Je, CD4 zikipungua?

Chukua mgonjwa mwenye VVU na CD4 60, anayekohoa, mwenye homa na aliyekonda. Eksirei haionyeshi pango, na makohozi yake hayana bakteria kwenye hadubini. Wanafunzi wengi hapa huiondoa TB, nami nasisitiza wasifanye hivyo. Pango hutokana na kinga kuyeyusha kitovu cha granuloma hadi kikapasukia kwenye njia ya hewa. Kinga ikiwa dhaifu, granuloma hujengeka vibaya, pango halitokei, na bakteria wachache tu hufika kwenye makohozi huku wengine wakisambaa kwa damu. Agiza kipimo cha kijenetiki cha makohozi na kile cha LAM cha mkojo.