Somo: Kumkatia gauni mama ambaye mgongo umeinama

Mwaka jana nilimshonea mama yangu gauni refu la kitenge kwa vipimo vilivyokuwa kwenye daftari langu tangu harusi ya mdogo wangu, miaka 12 nyuma. Alipolivaa, shingo ilimkaba kooni. Nyuma pindo lilipanda likaacha vifundo vya miguu wazi, mbele akawa analikanyaga. Kila baada ya hatua chache alikuwa akilivuta gauni mbele, nalo linarudi nyuma. Mzingo wa kifua ulikuwa inchi 40 kama zamani, ndiyo maana sikushtuka mapema.

Tuanze na kilichobadilika mwilini, maana ukikielewa hicho mkasi hautakosea. Mtu mzima anapofupika, kinachofupika ni kiwiliwili. Pingili za uti wa mgongo hubonyea, zile sahani laini katikati yake hukonda, na mbavu husogea karibu na nyonga. Mikono na miguu haifupiki. Kwa hiyo ukipunguza gauni zima kwa kuwa "mama amekuwa mfupi", mikono itakuja mifupi na sketi itakuja fupi. Halafu mgongo ukiinama, njia ya kitambaa nyuma inakuwa ndefu kwa sababu inapita juu ya kilima, na ya mbele inakuwa fupi kwa sababu kifua kimejikunja.

Kupima

Mfunge lastiki nyembamba kiunoni, umwambie ajisogeze kidogo, iache itulie yenyewe. Hapo ndipo kiuno chake kilipo leo. Usimwambie asimame wima. Ataweza kujinyoosha kwa dakika mbili za kupimwa, lakini gauni atalivaa siku nzima akiwa ameinama. Kama anatembelea fimbo, aishike, na avae viatu anavyovaa kila siku.

Sasa chukua vipimo vinne ambavyo wengi wetu huwa hatuvichukui. Kwanza, kutoka kwenye ule mfupa wa chini ya kisogo hadi kwenye lastiki, ukiilaza futi juu ya mgongo. Pili, kutoka kwenye kishimo cha koo hadi kwenye lastiki. Tatu, upana wa mgongo kutoka mkono unapoanzia hadi mkono wa pili. Nne, kifua kigawe: pima nyuma kutoka ubavu hadi ubavu, kisha mbele peke yake.

Kwa mama yangu, mgongo ulitoka inchi 15 na nusu ukawa 17. Mbele ilitoka 14 ikawa 12 na nusu. Kifua bado 40, lakini 21 ziko nyuma na 19 mbele. Mimi nilikuwa nimekata 20 kwa 20. Mkono, kutoka begani hadi kifundo, ulikuwa vilevile.

Kukata

Usianze na kitenge. Kata kiolezo cha gazeti kwa vipimo vya kawaida, halafu ukirekebishe.

Kwenye kipande cha mgongo, tafuta mahali mgongo umetokeza zaidi. Kwa mama ilikuwa inchi 4 chini ya shingo. Chora mstari wa kulala kutoka katikati ya mgongo hadi kwapani, ukate kwa mkasi, lakini uache uzi mwembamba wa gazeti bila kukata kule kwapani. Fungua upande wa katikati inchi 1 na nusu, tia gazeti jingine chini, gundisha. Umeongeza urefu palepale panapohitajika, na kwapa haikuguswa.

Utaona sehemu ya juu imelala kuelekea begani, mstari wa katikati haujanyooka tena. Hapa una njia mbili. Ukipenda mshono katikati ya mgongo, ufuatishe mpindo huo hivyo hivyo. Ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu mshono unaukumbatia mwili. Ukitaka mgongo uwe kipande kimoja, nyoosha mstari kwa rula. Shingo itapanuka kama robo tatu ya inchi kila upande, na upana huo utaubana kwa mkunjo mdogo wa pembetatu unaoanzia shingoni. Mkunjo uwe na urefu wa inchi 3 hivi, ulenge kilima lakini uishie kabla ya kukifikia. Ukifika kileleni, nyuma patatokea ncha.

Mbele ni kinyume chake. Chora mstari kati ya shingo na matiti, ukunje gazeti inchi 1 na nusu katikati, mkunjo upungue hadi kuisha kwapani. Nyoosha mstari wa katikati, kisha pima upya mzingo wa shingo, maana hapo hupungua. Mwisho, gawa upana wa pembeni: nusu inchi iongezwe kila upande wa nyuma, nusu ipunguzwe kila upande wa mbele.

Kujaribisha

Mtazame kwa pembeni. Mshono wa ubavuni uning'inie wima kutoka kwapani hadi chini. Ukivutwa nyuma kule chini, mgongo bado mfupi. Mikunjo ikilala kifuani chini ya shingo, mbele bado ndefu. Pindo liache hadi mwisho kabisa, ulipime kutoka sakafuni kwenda juu, kuzunguka pande zote. Kukata pindo la mbele peke yake ili kuficha tatizo la mgongo hakusaidii, shingo itaendelea kumkaba.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo mama fundi. Bibi yetu havai gauni la kukata kiuno, anavaa dera tu. Nalo linapanda nyuma. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Dera linaning'inia kutoka mabegani, kwa hiyo rekebisha mabegani. Kata nyuma iwe ndefu kwa inchi 1 hadi 2 kule juu, mshono wa bega uuhamishie mbele kwa nusu inchi hivi, na shingo ya mbele uichimbe kidogo. Kama dera limeshashonwa, fumua mabega uweke kipande cha kuunga upande wa nyuma. Kanga ya zamani inayolingana rangi inafaa sana.

*Mwanachama, Nakuru:* Babangu amekonda baada ya kuugua. Fundi alipunguza kiuno cha suruali pale nyuma, sasa mifuko ya nyuma inakaribia kugusana na suruali inamvuta. Kuna namna?

Pole kwa kuuguza. Mshono wa nyuma unavumilia kama inchi 2 tu. Zaidi ya hapo lazima mkanda utolewe, suruali ipunguzwe pia ubavuni, mkanda urudishwe. Ila kama uzito haujatulia, usikate kitu. Weka lastiki ndani ya mkanda upande wa nyuma, au mnunulie mikanda ya mabegani. Akinenepa tena, nguo zake zipo.

*Mwanachama, Dodoma:* Nikinunua mtumba kwa ajili ya mama, niangalie saizi gani?

Iache lebo. Nenda na futi, pima upana wa mgongo na mabega. Mbele ikizidi inapunguzika, mgongo ukibana hakuna pa kuchota kitambaa. Chagua yenye vifungo mbele, kwa sababu mikono ya mtu aliyeinama haifiki juu kirahisi.

*Mwanachama, Morogoro:* Mama yangu nilimpima mwaka juzi, mwaka huu mgongo umeongezeka inchi moja nzima na anasema kiuno kinamuuma. Ni kawaida?

Hilo si la cherehani. Mpeleke hospitali, umwoneshe daktari vipimo vyote viwili na tarehe zake. Pingili huweza kuvunjika kimyakimya mifupa ikiwa dhaifu, bila mtu kuanguka. Gauni tutalikata akisharudi, na tutampima upya.