Jinsi ya kujaza ombi la vifaa vya umeme kutoka kwenye ramani

Fomu ya ombi la vifaa huwa na ukurasa mmoja tu, na kuijaza hakuchukui hata nusu saa. Kazi iko kabla ya hapo, pale unapokaa na ramani, rula na penseli. Ombi likirudishwa na msimamizi, au waya ukikuishia ukiwa juu ya ngazi, kosa karibu kila mara lilifanyika kwenye kupima.

Hapa nitatumia nyumba moja ya mfano: sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, bafu na korido. Umeme ni wa volti 230, waya ni za moja moja ndani ya paipu, na paipu zinapita juu ya dari, mita 2.8 kutoka sakafuni. Ramani imechorwa kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni nusu mita kwenye jengo.

Kwanza hakikisha kipimo cha ramani ni cha kweli

Usiamini maandishi ya 1:50 yaliyo pembeni mwa karatasi. Tafuta ukuta ambao urefu wake umeandikwa kwa namba, uupime kwa rula, kisha linganisha. Ukuta wa mita 5 lazima ukupe sentimita 10. Ukikupa sentimita 7 na kidogo, ujue ramani ilichorwa kwenye karatasi ya A3 na mtu akaichapisha kwenye A4. Michoro yote imesinyaa, ila maandishi bado yanasema 1:50.

Mimi kosa hili nililifanya mwaka wangu wa kwanza. Nilipima nyumba nzima kwenye nakala ya A4, nikaandika ombi safi kabisa, likapitishwa. Waya ukaniishia kabla sijaingia chumba cha pili. Tangu siku hiyo, ukuta mmoja wenye namba napima kwanza, ndipo nivue kofia.

Andika pia namba ya ramani na toleo lake kwenye sehemu ya juu ya fomu. Mchoraji akihamisha soketi mbili baada ya wewe kupima, toleo ndilo litakaloonyesha kwamba ulipima ramani ya zamani na si kwamba hukujua kuhesabu.

Hesabu vya kuhesabika

Soketi, swichi na taa huhesabiwa kwa alama zake. Pita chumba kwa chumba na uweke tiki ya kalamu ya rangi juu ya kila alama uliyokwisha kuihesabu, la sivyo ile iliyo kwenye mpaka wa vyumba viwili utaihesabu mara mbili. Nyumba yetu ina soketi 11: sebule 4, vyumba vya kulala 4, jiko 3. Zote ni za pacha. Soketi ya pacha ni kifaa kimoja na boksi moja, hivyo usiandike 22.

Ukimaliza, jumlisha soketi na swichi zote, pamoja na ile ya hita ya bafuni. Jumla hiyo ndiyo idadi ya maboksi ya ukutani. Isipolingana na maboksi uliyoandika, rudi kwenye ramani sasa hivi, kabla ya kugusa waya.

Pima waya, na usisahau kwamba waya hupanda na kushuka

Ramani huangalia nyumba kutoka juu, kama ndege. Inakuonyesha soketi iko umbali gani kutoka nyingine, lakini haikuonyeshi kwamba waya unatoka bodi ya breka, unapanda darini, unatembea, unashuka hadi karibu na sakafu, kisha unapanda tena kuelekea soketi ya pili. Hapo ndipo wengi hupotea.

Chukua sakiti ya sebule. Soketi zake nne zinafuatana moja baada ya nyingine. Kwa rula nilipata mita 5 kutoka bodi hadi soketi ya kwanza, kisha 3.5, kisha 4, kisha 3.5. Jumla ni mita 16 za kulala.

Sasa za kusimama. Bodi iko mita 1.6 kutoka sakafuni, hivyo kupanda hadi darini ni mita 1.2. Soketi ziko mita 0.4 kutoka sakafuni, hivyo kila mshuko ni mita 2.4. Soketi tatu za mwanzo zina kushuka na kupanda, mita 4.8 kila moja, ambazo ni 14.4. Ya mwisho ina kushuka tu, 2.4. Ukijumlisha na ile 1.2 ya bodi unapata mita 18.

Umeona? Njia ya wima ni ndefu kuliko ya kulala. Aliyepima kwa rula peke yake ameomba chini ya nusu ya waya anaohitaji.

Ongeza mikia ya kufungia: nusu mita ndani ya bodi, na sentimita 20 kwa kila ncha inayoingia kwenye soketi. Hapa inafika mita 1.9. Jumla yote ni 35.9, andika 36. Na hiyo ni ya waya mmoja. Sakiti ya soketi ina waya tatu, yaani wa moto, wa nyutro na wa ethi, kwa hiyo unaandika mita 36 mara tatu, kila rangi kwenye mstari wake. Ukiandika “mita 108” bila kutenganisha rangi, mtu wa stoo anaweza kukupa rangi moja tu, na hatakuwa amekosea.

Paipu ni hesabu nyingine. Waya unaoshuka kwenye soketi na ule unaopanda vinaweza kupita paipu moja ya milimita 20, kwa hiyo kila mshuko wa paipu unahesabiwa mara moja: 16 na 1.2 na mara nne 2.4, jumla mita 26.8. Kwa paipu za mita 3 hiyo ni tisa, lakini vipande vya mwisho haviungani vizuri kila mahali. Omba kumi.

Kwa njia hiyohiyo, sakiti ya vyumba vya kulala ilitoa mita 35 na ya jiko mita 20. Jiko ni fupi kwa sababu soketi zake ziko juu ya meza, mita 1.2 kutoka sakafuni, hivyo mishuko ni mifupi. Hita ya bafuni ina njia yake peke yake, mita 14 za waya wa 6, yaani wa milimita 6 za mraba.

Taa zina ujanja wake: waya hazilingani idadi kwenye kila kipande cha njia. Nyutro unakwenda moja kwa moja kwenye taa, lakini wa moto unashuka kwanza kwenye swichi na kurudi. Swichi ya chumba ikiwa mita 2 kutoka kwenye boksi la darini, na ikiwa mita 1.2 kutoka sakafuni, njia ni 2 na 1.6, yaani 3.6. Kwa kuwa waya unakwenda na kurudi, ni mita 7.2 za waya wa moto bila nyutro hata kidogo. Boksi la swichi likiwa la chuma, ongeza ethi. Kwenye korido yenye swichi mbili za kuwasha taa moja, kuna waya mbili zaidi kati ya swichi na swichi. Umbali wao ni mita 6, ongeza mishuko miwili ya 1.6, unapata 9.2, mara mbili ni 18.4. Mita hizi ndizo husahaulika kuliko zote. Chora vijistari vidogo juu ya kila njia kwenye ramani kuonyesha ina waya ngapi, ndipo ujumlishe.

Breka zifuate waya

Breka inalinda waya. Waya wa 1.5 wa taa nimeuwekea breka ya ampea 10. Sakiti tatu za soketi, waya wa 2.5, breka za ampea 20. Hita ni ya wati 5,500, ukigawa kwa 230 ni karibu ampea 24, hivyo waya wa 6 na breka ya ampea 32. Ongeza meni swichi na kinga ya uvujaji wa umeme ya miliampea 30.

Kwenye safu ya maelezo andika wazi: “Ampea 20, isibadilishwe bila kumuuliza fundi.” Stoo ikiishiwa na za 20, mtu mwenye nia njema atakupa za 32. Nyumba itawaka vizuri tu, mpaka siku waya wa 2.5 utakapobeba mzigo kupita kiasi na breka isijali.

Bodi ina breka tano. Omba yenye nafasi nane, na vifuniko vya nafasi tatu zitakazobaki wazi. Vifuniko hivyo karibu kila mtu husahau kuviomba.

Ziada iwe na safu yake

Wapo wanaoongeza kidogo kwenye kila chumba, kisha wanaongeza asilimia kumi kwenye jumla, kisha wanaondoa desimali kwa kupanda hadi roli zima. Wameongeza ziada mara tatu, na msimamizi mwenye uzoefu ataliona hilo na kukata popote anapotaka. Pima bila kuongeza, kisha ongeza mara moja, mahali panapoonekana.

Waya wa 2.5 ni 36, 35 na 20, jumla mita 91 kwa kila rangi. Asilimia kumi inafikisha 100.1. Usiombe roli la pili kwa ajili ya sentimita kumi. Roli la mita 100 linakuachia mita 9 za ziada, zinatosha. Mistari ya fomu itasomeka hivi:

- Waya wa 2.5, wa moto: kipimo mita 91, ziada 9, ombi roli 1 la mita 100. Sakiti za soketi.
- Waya wa 2.5, nyutro: kama hapo juu.
- Waya wa 2.5, ethi: kama hapo juu.
- Waya wa 6, wa moto, nyutro na ethi: kipimo mita 14 kila mmoja, ziada 2, ombi mita 16 kila mmoja, kipande kisichounganishwa.
- Soketi pacha: idadi 11, ziada 1, ombi 12.
- Breka ampea 20: idadi 3, ziada 0, ombi 3.

Breka sizipi ziada kwa sababu hazivunjiki wakati wa kufunga. Soketi huvunjika, hasa pale boksi lilipokaa upande na fundi akakaza skrubu kwa hasira. Skrubu na viungio vya paipu ni vidogo na hupotea, viongeze kwa mkono mkunjufu.

Kupeleka na kupokea

Ambatisha nakala ya ramani uliyoitia tiki na vijistari, pamoja na karatasi ya hesabu. Msimamizi akiuliza mita 91 zimetoka wapi, unamwonyesha badala ya kubishana. Akipunguza kitu, mwombe aandike na kutia saini kando ya mstari huohuo.

Siku ya kuchukua vifaa stoo, soma namba zilizochapwa juu ya waya na juu ya breka, si lebo ya boksi. Roli lililofunguliwa lipime. Ukipewa pungufu, andika kiasi ulichopokea mbele ya kile ulichoomba, kisha ndipo utie saini.