SOMO: Kuweka pesa na hundi kwenye mashine, na la kufanya salio lisipopanda

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa na watu wanne: "Nimeweka hela kwenye mashine, risiti ninayo, salio halijapanda, nimeibiwa?" Naandika mara moja, halafu kila atakayeuliza nitamleta hapa. Mimi ni mhasibu wa duka. Mauzo ya kila siku yanapita mikononi mwangu kwenda benki, na nimeshakosea vya kutosha.

Kabla ya yote, jua umesimama mbele ya mashine ipi. Kuna mashine ya kuhesabu: unaweka noti bila bahasha, inazikagua moja moja, inakuonyesha kwenye skrini noti ngapi za aina gani, ndipo unakubali. Na kuna mashine ya bahasha, ambayo haihesabu kitu. Inapokea namba uliyobonyeza wewe, inameza bahasha, na bahasha inakaa sandukuni hadi wafanyakazi waje kuifungua, kwa kawaida wawili pamoja, wahesabu. Risiti ya mashine ya kwanza inasema "nimehesabu". Ya pili inasema "mteja amesema". Watu wengi wanaolia humu wameshika risiti ya pili wakidhani ni ya kwanza.

1. Hesabu hela kabla hujatoka, na andika pembeni noti ngapi za aina gani, siyo jumla tu.

2. Toa mipira, klipu na pini. Nyoosha noti zilizokunjwa kona.

3. Kadi, namba ya siri, chagua kuweka pesa, chagua akaunti.

4. Mashine ya kuhesabu. Weka noti, subiri. Ikizikataa baadhi itazirudisha. Zichukue hapo hapo, kwa sababu ukizubaa mashine nyingi huzivuta tena ndani na kuzitupa kwenye kisanduku cha pembeni, na hapo unakuwa na madai badala ya hela. Linganisha skrini na karatasi yako ya hatua ya 1. Zikilingana, kubali. Zisipolingana, bonyeza kughairi, zirudi zote, uanze upya.

5. Mashine ya bahasha. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo vumilia.

Siku moja nilikuwa na noti 60 za elfu moja na hundi moja ya 84,500. Bahasha zilikuwa zimebaki chache, nami nikajiona mjanja: vyote nikavitia kwenye bahasha moja, nikabonyeza 144,500. Risiti ikatoka safi. Kesho yake salio likapanda kwa 144,500, nikasahau. Siku mbili baadaye zikatolewa zote 144,500, kisha ikaingia 59,000. Nikafika benki nimevimba, nina risiti mkononi kama hati ya nyumba.

Dada wa pale hakubishana nami. Alileta karatasi ya kufungulia bahasha, akaigeuza nione. Hundi ilikuwa imeandikwa 84,500 kwa tarakimu, lakini kwa maneno "themanini na nne elfu na mia nne". Haikupokelewa, na kwa kuwa nilibonyeza jumla moja, walilazimika kufuta muamala wote na kuingiza upya kile walichokikuta, yaani taslimu. Na taslimu waliikuta noti 59. Nikaapa kwamba zilikuwa 60. Nilikuwa nimeshapanda gari la kurudi, natafuta nauli mfukoni, ndipo nikakumbuka: siku ile, baada ya kuhesabu, nilichomoa noti moja ya nauli.

Tangu hapo sheria zangu ni hizi. Taslimu bahasha yake, hundi bahasha yake, na kila bahasha muamala wake. Bahasha ifungwe baada ya hesabu ya mwisho, isifunguliwe tena. Juu yake andika jina, namba ya akaunti, simu na kiasi, kalamu ya wino usioenea. Kiasi cha juu ya bahasha, kilicho ndani na unachobonyeza viwe kitu kimoja. Mashine ikikuuliza kiasi halafu ukabonyeza sifuri moja zaidi, usiseme "watarekebisha". Watarekebisha kweli, lakini kwa siku zao.

6. Hundi. Angalia vitu vinne: jina lako limeandikwa sawasawa, tarehe haijapita sana (benki nyingi hukataa hundi iliyozidi miezi 6) wala si ya siku za mbele, maneno na tarakimu vinakubaliana, na sahihi ipo. Nyuma andika namba ya akaunti yako na usaini. Usiikunje wala kupiga pini kwenye ule mstari wa namba za chini. Zimechapwa kwa wino wa sumaku ili mashine isome benki, akaunti na namba ya hundi.

7. Risiti. Ipige picha kabla hujaondoka. Karatasi zile huchapwa kwa joto, kwa hiyo joto jingi huzifanya nyeusi, na mwanga wa jua hufifisha maandishi. Ukiiacha juani kwenye gari utabaki na kipande kisichosomeka. Picha ionyeshe tarehe, saa, namba ya mashine, namba ya muamala na kiasi.

8. Salio lisipopanda. Kwa mashine ya kuhesabu, hela kwa kawaida huingia papo hapo, kwa hiyo ikiwa haipo, piga simu siku hiyo hiyo. Kwa bahasha, subiri mpaka mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Bahasha ya Ijumaa jioni, baada ya muda wa kukusanya uliobandikwa kwenye mashine, huhesabiwa kama ya Jumatatu. Ukilalamika, usiseme "hela yangu imepotea". Sema: mashine namba fulani, tarehe na saa fulani, muamala namba fulani, noti ngapi za aina gani. Omba namba ya malalamiko na uiandike. Na usiweke mara ya pili "kujaribu".

Maswali karibu, ila someni kwanza.

---

Mwana_Foleni: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Nimeweka bahasha jana usiku haijaingia, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 8.

Mwana_Foleni: Si unijibu tu?

Mwandishi: Nimeshajibu, ndiyo maana ni ndefu.

Bi_Kibubu: Asante kaka kwa somo. Swali: nilikuwa kwenye mashine ya kuhesabu, imeshahesabu, kabla sijakubali umeme ukakatika. Umeme ukarudi, mashine ikajiwasha upya, noti sizioni, risiti hakuna. Hela iko wapi?

Mwandishi: Dada, swali zuri. Kabla hujakubali, noti hukaa sehemu ya muda ndani ya mashine, hazijaingia kwenye kasha la noti zilizopokelewa. Umeme ukirudi, mashine hujaribu kuzirudisha au huzisukuma kwenye kisanduku cha pembeni nilichokitaja hatua ya 4. Kwa vyovyote hazijaandikwa kwenye akaunti ya mtu yeyote. Siku wanapofunga hesabu ya mashine, kilichomo ndani kitazidi kile ambacho kumbukumbu ya mashine inasema ilipokea. Ile ziada ndiyo ushahidi wako. Kwa hiyo piga picha namba ya mashine iliyobandikwa mbele, andika saa ya kukatika umeme, na kaa pale dakika chache uone kama zinarudi, usije ukamwachia anayefuata. Halafu lalamika siku hiyo hiyo kwa idadi ya noti. Mtu akisema "nilikuwa na kama laki hivi" na ziada ikawa 97,000, itabidi wabishane. Ukisema "noti 97 za elfu moja", inalingana na mambo yanaisha.

Bi_Kibubu: Kumbe ile karatasi ya hatua ya 1 ndiyo kazi yake. Nilidhani ni uhasibu mwingi tu.

Mwandishi: Kazi yake ni hiyo hasa.

Kaka_Stakabadhi: Hundi niliweka Jumanne, salio linaonyesha imeingia, nikitaka kutoa inakataa. Benki wanacheza na hela yangu?

Mwandishi: Una salio la aina mbili. Moja ni hesabu ya vitabu, jingine ni unaloweza kutoa. Hundi huandikwa kwenye la kwanza mapema, lakini la pili linasubiri benki ya aliyekuandikia ikubali kulipa. Ikirudi kwa kukosa fedha, wanaifuta ile namba. Angalia taarifa ya akaunti, soma mstari wa pili wa salio. Na usimpe mtu mzigo kwa sababu umeona hundi "imeingia". Wapo matapeli wanaoishi kwa kosa hilo: wanaweka hundi mbovu, wanakuonyesha risiti, wanaondoka na bidhaa.

Mzee_wa_Dirishani: Haya yote ya nini? Nendeni dirishani kwa karani, mpewe muhuri, basi.

Mwandishi: Mzee, shikamoo. Duka linafungwa saa mbili usiku, dirisha linafungwa saa za mchana. Nisipotumia mashine nalala na mauzo chini ya godoro. Kwa hundi kubwa hata mimi naenda dirishani, sijakataa.

Mzee_wa_Dirishani: Marahaba. Kwa hundi kubwa tumekubaliana.

Fundi_Cherehani: Nyongeza ndogo: mimi huandika namba ya mwisho ya hundi juu ya picha ya risiti kwenye simu. Hundi tatu za kiasi kimoja zikiingia wiki moja, unajua ipi imerudi.

Mwandishi: Hiyo nachukua. Na piga picha ya hundi yenyewe mbele na nyuma kabla ya kuitia kwenye bahasha. Ile yangu ya "mia nne" ningeigundua nyumbani ningekuwa nimeipiga picha, maana ukiitazama kwenye simu unaisoma, ukiishika mkononi unaona tarakimu tu.

Mwana_Foleni: Nimesoma sasa. Nilibonyeza 50,000, ndani nimeweka 45,000, nimekumbuka leo. Nipige simu au ninyamaze?

Mwandishi: Piga sasa hivi, kabla hawajafungua. Sema namba ya muamala na kiasi halisi. Wakikuta wenyewe watakukata 5,000, na ukishazitumia utaingia hasi.

Mwana_Foleni: Nimepiga. Wameandika. Wamesema bahasha yangu itafunguliwa mchana huu.